Kipimo cha haraka chanya, slaidi hasi: nimwamini nani?

Swali: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya cha kijijini. Msimu wa malaria tunapokea wagonjwa wa homa 70 mpaka 90 kwa siku, na maabara ina mtu mmoja na hadubini moja. Juzi mtoto wa miaka 4 karudi na homa, siku ya 11 tangu aanze dawa mseto. Kipimo cha haraka kikaonyesha chanya, slaidi ikasoma hasi. Muuguzi anataka mtoto arudie dawa. Mtu wa maabara anasema kipimo cha haraka kinadanganya, tukiache, wote wapimwe kwa slaidi kama zamani. Nimwamini nani?

Jibu: Ndugu yangu, hapo hakuna aliyedanganya. Kwa mtoto huyu ningeiamini slaidi, mradi imesomwa ipasavyo, na nisingerudia dawa mseto. Lakini pendekezo la kuwapima wote kwa slaidi ningelikataa, hata watu wa maabara wakininunia. Mambo hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini chanzo chake ni kimoja: vipimo hivi viwili haviulizi swali moja.

Vipimo vingi vya haraka vya malaria vinatafuta protini iitwayo HRP2. Kimelea cha *Plasmodium falciparum* kinaitengeneza kikiwa ndani ya chembe nyekundu na kuimwaga kwenye damu. Kipimo hakimwoni mdudu mwenyewe, kinaona alichokiacha. Ukiingia jikoni ukakuta harufu ya samaki, unajua samaki amepikwa, ila harufu haikuambii kama bado yuko chunguni. Dawa mseto inaua vimelea haraka, na kwa wagonjwa wengi ndani ya siku tatu slaidi haina kitu. Protini haiondoki kwa mwendo huo. Inabaki inazunguka kwenye damu wiki mbili, tatu, mara nyingine tano na zaidi. Inakaa muda mrefu hasa kwa watoto, na kwa mtu aliyeanza matibabu akiwa na vimelea vingi. Kwa hiyo siku ya 11 kipimo cha HRP2 kuwa chanya ndicho kitu cha kutarajia hata kwa mtoto aliyepona kabisa. Hakijakuambia jipya lolote.

Hadubini inauliza swali jingine: je, sasa hivi kuna vimelea kwenye damu hii, ni vya aina gani, vya hatua gani, na vingapi? Kwa mgonjwa aliyemaliza dawa juzijuzi, hilo ndilo swali unalotaka lijibiwe.

Nikupe mfano wa jinsi kosa hili linavyoweza kumfikisha mtu mbali. Niliwahi kupokea binti wa miaka 3 aliyepewa rufaa kwa "malaria sugu". Siku ya kwanza alikuwa na homa, kipimo chanya, akapewa dawa mseto na homa ikashuka. Siku ya 9 homa ikarudi, kipimo chanya, akapewa dozi ya pili. Homa ikashuka tena kidogo, nadhani kwa parasetamoli zaidi kuliko kwa kingine. Siku ya 24 homa tena, kipimo kikawa na mstari hafifu lakini unaoonekana, na hapo ndipo wakamwandikia rufaa. Tulisoma tone nene viwanja 200, hakuna kimelea hata kimoja. Tukamuuliza mama kuhusu mkojo. Akasema mtoto analia akikojoa, ila hakulitaja kwa sababu kila alipofika aliambiwa ni malaria. Kipimo cha mkojo kilikuwa na naitraiti na chembe nyeupe tele. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikaa wiki mbili nyuma ya mstari mmoja mwekundu. Malaria ya siku ya kwanza huenda ilikuwa ya kweli kabisa. Kosa lilianza siku ya 9, kipimo kilipoulizwa swali kisichoweza kulijibu.

Mtoto wako basi. Kwanza anza upya kama vile neno malaria halijatajwa. Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika pamoja na kikohozi zinakupeleka kwenye nimonia. Angalia masikio kwa tochi, koo, shingo, ngozi, na upime mkojo. Muulize mama dawa ilitolewaje: vidonge vingapi, saa ngapi, na chakula gani, na kama mtoto alitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza. Uliza pia uzito uliotumika. Mpaka wa dozi ya dawa mseto ya artemetha na lumefantrini uko kwenye kilo 15, na mtoto wa miaka 4 anaangukia hapohapo. Aliyekadiriwa kilo 14 kwa macho akapewa kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kumbe ana kilo 16 na alistahili viwili, amepewa nusu ya dozi yake. Kwa mtoto kama huyo, malaria kurudi ni jambo la kufikiriwa kwa uzito, na slaidi yake inafaa isomwe na wasomaji wawili.

Slaidi ikionyesha vimelea hai vya hatua ya pete siku ya 11, hayo ni matibabu yaliyoshindwa ndani ya siku 28. Kwa kawaida mtoto anahamishiwa dawa mseto ya mstari wa pili, harudishiwi ileile. Ikionyesha gametosaiti peke yake, yaani vile vimelea virefu vilivyopinda kama ndizi, usihangaike. Dawa mseto haiviondoi haraka vikishakomaa, vinaweza kuonekana kwa wiki kadhaa, na havimpi mtu homa. Ndiyo maana jibu la maabara lililoandikwa "MPS: chanya" bila kutaja hatua halikusaidii kwa mgonjwa wa namna hii. Mwambie mwenzako aandike pete au gametosaiti, na idadi.

Kama vifaa mnavyoletewa vina mistari miwili ya majibu, mmoja wa HRP2 na mwingine wa aina zote za malaria, huo wa pili mara nyingi unatafuta pLDH. Hicho ni kimeng'enya kinachotengenezwa na vimelea vilivyo hai, na hutoweka siku chache baada ya vimelea kufa. Mstari wa HRP2 ukiwaka peke yake baada ya matibabu, unaelekea zaidi kuwa mabaki. Nasema unaelekea, kwa sababu mstari wa pLDH si mkali sana na vimelea vikiwa vichache hauwaki. Usiufanye hakimu wa mwisho.

Sasa nije kwa mtu wako wa maabara, maana hoja yake ina ukweli nusu. Slaidi nzuri ikisomwa na mtu mzoefu, asiye na haraka, inaweza kuona vimelea 10 au pungufu kwa kila mikrolita ya damu. Kipimo cha haraka kizuri huanza kuwa cha kutegemewa kwenye vimelea 100 hadi 200 kwa mikrolita. Kwenye karatasi hadubini inashinda. Lakini kituo chako hakifanyi kazi kwenye karatasi, kwa hiyo tupige hesabu ya siku moja.

Ili kuandika "hasi" kwa haki, msomaji anatakiwa apite viwanja 100 vya tone nene kwa lenzi ya mafuta. Mpe sekunde tano kwa kila uwanja, huo ni mwendo wa mtu mwenye kasi. Ni sekunde 500, dakika nane na kitu. Wagonjwa 80 mara dakika 8 ni dakika 640, yaani saa 10 na dakika 40 za macho kwenye hadubini, kabla hajatoboa kidole, kukausha, kupaka rangi, kuandika, wala kupima wingi wa damu wa kina mama wajawazito. Haiwezekani. Na kwa kuwa haiwezekani, haifanyiki. Kinachofanyika ni kupita viwanja 15 au 20 na kuandika jibu.

Viwanja 20 maana yake nini? Viwanja 100 vya tone nene lililotengenezwa vizuri vinabeba takriban robo ya mikrolita ya damu. Mgonjwa mwenye vimelea 40 kwa mikrolita angekupa vimelea kama 10 kwenye viwanja 100, na wewe ungeviona. Kwenye viwanja 20 anakupa viwili, tena vingine hupotea wakati wa kupaka rangi na kuosha. Pete mbili ndogo kati ya chembe sahani na madoadoa ya rangi, saa nane mchana, foleni ikigonga mlango. Slaidi ya aina hiyo haina ukali kuliko kipimo cha haraka. Na ina hatari ambayo kipimo hakina, kwa sababu msomaji aliyechoka hujilinda. Akihofia kukosa kitu anaandika "1+". Wanaofanya kazi maabara wanalijua vizuri hilo. Kwa maana yake halisi 1+ ni kimelea 1 hadi 10 katika viwanja 100 vizima. Ukiona daftari ambalo robo tatu ya majibu chanya ni 1+, uliza viwanja vingapi vinasomwa. Malaria halisi ya msimu inakuja na 2+, 3+ na 4+ za kutosha kwenye daftari.

Kwa hiyo ningeigawa kazi hivi. Mgonjwa wa homa wa mara ya kwanza, ambaye hajatumia dawa ya malaria wiki nne hadi sita zilizopita na hana dalili za hatari, apimwe kwa kipimo cha haraka hukohuko anakopimwa joto na uzito, na muuguzi aliyefundishwa. Hao ndio wengi, pengine 70 kati ya 80 wako. Jibu likiwa chanya anatibiwa, likiwa hasi anatafutiwa sababu nyingine, na slaidi haipigwi "kwa uhakika". Hapo kwenye uhakika ndipo kazi inapoharibikia. Kipimo kikiwa chanya kwa mgonjwa mpya na slaidi ya haraka ikawa hasi, utafanyaje? Ukimnyima dawa kwa sababu ya slaidi ya viwanja 20, umemwamini shahidi dhaifu zaidi. Ukimpa dawa hata hivyo, slaidi ilikuwa ya nini?

Wagonjwa kumi na kitu wanaobaki ndio wa hadubini, na sasa mtaalamu wako ana dakika za kuwasoma kama inavyopaswa. Wa kwanza ni hao wanaorudi na homa baada ya matibabu, kama mtoto wako. Wa pili ni mahututi. Wa tatu nitamfikia.

Kwa mahututi, mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunywa, aliyepauka sana au mwenye fahamu iliyopungua, dawa haisubiri rangi ikauke. Piga kipimo cha haraka kwa sababu kinakupa jibu ndani ya robo saa, pima sukari, anza artesuneti. Lakini chukua slaidi kwenye tobo hilohilo la kidole, isomwe baadaye. Utaihitaji kwa ajili ya idadi. Msomaji anahesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe mpaka afikishe chembe nyeupe 200, kisha anazidisha kwa 8000 na kugawa kwa chembe nyeupe alizohesabu. Tuseme amepata vimelea 412:

```
412 × 8000 ÷ 200 = 16 480 kwa mikrolita
```

Kesho yake, akifika chembe nyeupe 200 vimelea havijafika 100, kwa hiyo anaendelea mpaka chembe nyeupe 500, na jumla anapata vimelea 60 tu:

```
60 × 8000 ÷ 500 = 960 kwa mikrolita
```

Dawa inafanya kazi. Kipimo cha haraka hakiwezi kukuonyesha hilo, mstari utakuwa mwekundu vilevile leo na kesho. Ila hata kwa mahututi usiidharau HRP2. Kwenye malaria kali vimelea vilivyokomaa hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya ubongo na viungo vingine, na damu ya kidoleni ikaonyesha vichache au visionekane kabisa. Ongeza na kidonge alichopewa nyumbani jana. Slaidi hasi kwa mtoto aliyepoteza fahamu haifuti malaria, na hapo kile kinachonisumbua siku ya 11, yaani protini kudumu kwenye damu, kinanisaidia.

Sasa kuhusu kipimo cha haraka chenyewe, maana ukikiweka mlangoni kwa wagonjwa 70 kwa siku, kosa dogo linazaa mara 70. Nilichokiona mara nyingi kuliko vyote ni muda. Muuguzi anaweka kaseti kumi mezani, anaitwa kwa mama anayejifungua, anarudi baada ya saa moja, anakuta mistari. Kaseti ikipitisha muda wake, damu iliyokwama kwenye karatasi hurudi nyuma inapokauka na kuacha kivuli mahali pa T, yaani mstari wa jibu. Anasoma chanya. Upande wa pili kuna mwenye haraka anayesoma dakika ya tano na kuandika hasi kwa sababu mstari haujapata muda. Aina nyingi husomwa kati ya dakika 15 na 20, lakini fuata karatasi ya boksi lililo mbele yako. Watengenezaji hutofautiana, na hata idadi ya matone ya bafa, kile kimiminika kinachokuja na boksi, si moja. Dawa ya tatizo hili ni kalamu: kwenye kila kaseti andika jina la mgonjwa na saa ya kusoma, si saa ya kuanza. Kaseti iliyoandikwa "4:35" inajisemea yenyewe. Iliyopita muda haisomwi kwa kukisia, inarudiwa.

Kosa jingine nililikuta kwenye kituo kimoja ambako kwa wiki nzima karibu kila mtu alikuwa chanya, hata mlinzi aliyejipima kwa utani. Chupa ya bafa iliisha kabla ya kaseti, na mtu akaona maji ya dripu yatatosha. Bafa haipo pale kwa ajili ya kusukuma damu tu. Chumvi na viambato vyake vinazuia kingamwili za kwenye karatasi zisishikane ovyo. Ukiweka maji au salaini, mstari wa T unaweza kutokea bila malaria yoyote, na mstari wa C, ule wa kuhakiki kifaa, unatokea pia, kwa hiyo kifaa kinaonekana kizima. Usichanganye hata bafa ya boksi moja na kaseti ya boksi la kampuni nyingine. Chupa ikiisha mapema, jua mtu anatia matone mengi kuliko yanayotakiwa, na kamsimamie ukaone anavyotonesha.

Damu inayotakiwa ni mikrolita 5 tu. Kwa macho ni kitone kidogo mno, na watu wanaona aibu kuweka kidogo hivyo, wanajaza kishimo. Karatasi nzima inageuka nyekundu na mstari hafifu unazama humo. Na mstari hafifu wa T ni chanya. Hakuna "chanya kidogo". Wala ukolevu wa mstari usiusome kama wingi wa vimelea.

Kaseti zinataka zisipite nyuzi joto zilizoandikwa kwenye boksi, aghalabu 30 au 40. Chini ya paa la bati stoo hupita hapo kila mchana. Boksi likae sakafu ya chini, juu ya ubao, chumba kinachopitisha hewa. Pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa ameshakaa kwenye kiti, na ukiona kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu kimebadilika rangi kinyume na maelezo ya karatasi, tupa kaseti.

Nimerudi kwa mgonjwa wa tatu wa hadubini: yule ambaye kipimo cha haraka ni hasi, umemchunguza na hukupata sababu, na baada ya siku moja au mbili bado ana homa. Wengi wao hawana malaria, na ningependa hilo likae vichwani mwa wote hapo kituoni kabla hamjaanza kuwatilia shaka wote wenye hasi. Lakini wapo wachache wenye *vivax*, *malariae* au *ovale*, ambazo kipimo cha HRP2 peke yake hakizioni hata ziwe nyingi. Na kuna jambo la uzito zaidi. Baadhi ya vimelea vya *falciparum* vimepoteza jeni ya HRP2, havitengenezi protini hiyo kabisa. Taarifa za kwanza zilitoka Peru mwaka 2010. Baadaye vikaonekana kwa wingi pembe ya Afrika, na Eritrea ililazimika kubadilisha aina ya kipimo mwaka 2016. Mgonjwa wa hivyo anaweza kuwa na 3+ kwenye slaidi na kaseti ikawa nyeupe.

Utajuaje kama vimefika kwako? Si kwa mgonjwa mmoja. Kwa kila ambaye kipimo ni hasi na slaidi ni chanya, fanya vitatu siku hiyohiyo: rudia kipimo kwa kaseti ya boksi jingine, mwombe msomaji wa pili asome slaidi bila kuambiwa jibu la kwanza, kisha andika aina na idadi. Slaidi ya 1+ iliyoonwa na mtu mmoja inaweza kuwa uchafu wa rangi tu. *Falciparum* maelfu kwa mikrolita, vilivyoonwa na wasomaji wawili, kaseti mbili zikiwa hasi, ni habari ya kupeleka ngazi ya juu ikiambatana na tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio. Uchunguzi ukikuta zaidi ya asilimia 5 ya vimelea katika eneo vinakwepa kipimo kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani linashauri aina ya kipimo ibadilishwe. Kubadilisha ni uamuzi wa juu yenu, lakini daftari lenu ndilo linaloanzisha safari hiyo.

Hayo yote yanategemea slaidi inayostahili jina. Damu kama mikrolita 6, isambazwe duara la upana wa sentimita moja hivi, unene wake uwe kiasi kwamba ukiiweka juu ya gazeti unasoma maandishi kwa taabu. Ikauke ikiwa imelala sawa, mbali na nzi, usiiharakishe kwa moto, kwani joto linaigandisha damu na haitapasuka kwenye rangi. Tone nene lisiguswe na methanoli, methanoli ni ya lile jembamba. Giemsa asilimia 10 kwa dakika 10 kwa mgonjwa unayemsubiri, au asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45 kwa kundi la mwisho wa asubuhi, maji yakiwa na pH 7.2. Rangi iliyochanganywa jana imwagwe. Kabla ya kutafuta kimelea, tazama chembe nyeupe. Viini vyake vikiwa vya zambarau iliyokolea na nyuma yake pasafi, endelea. Vikiwa vimefifia au pamejaa madoa meusi yasiyo na umbo, usiandike hasi wala chanya, paka nyingine.

Na kila mwezi ziwekwe pembeni slaidi tano hasi na tano za chanya hafifu, zisomwe upya na mtu wa nje ya kituo asiyejua majibu yenu. Kwa mgawanyo huu mtaalamu wako atakuwa na slaidi 10 au 15 kwa siku, dakika 8 za kusoma kila moja bila kukimbizwa, na jibu lake la siku ya 11 utaliamini bila kuniandikia.

Slaidi ya mtoto wako bado ipo? Muulize ni viwanja vingapi vilisomwa. Kama havikufika 100, irudiwe leo, na pumzi zihesabiwe kabla hajaondoka kwenye benchi.